Volti ngapi ndani ya mwale wa leza?

Kalamu ya leza ambayo mwalimu huitumia kuonyesha kitu ubaoni huwa na kibandiko cha manjano ubavuni. Maandishi yake ni madogo, lakini kwa kawaida yanataja mambo mawili: urefu wa wimbi la mwanga, ambao kwa kalamu nyekundu huwa kati ya nanomita 630 na 680, na nguvu isiyozidi miliwati 1. Miliwati 1 ni wati moja iliyogawanywa kwa elfu. Balbu ya LED ya sebuleni hula wati 9, yaani mara elfu tisa zaidi, na hakuna anayekatazwa kuitazama. Kwenye kalamu, kibandiko hichohicho kinaonya kwamba mtu asiutumbulie macho mwale.

Wengi hudhani onyo hilo lipo kwa sababu mwanga wa leza ni mkali kuliko mwanga wowote tuliouzoea. Hesabu inasema vingine. Tuchukue mwale wenye kipenyo cha milimita 2, upana wa kawaida kwa kalamu hizi. Nusukipenyo chake ni milimita 1, na eneo lake, pai mara nusukipenyo kwa nusukipenyo, ni mita za mraba 0.00000314. Gawanya wati 0.001 kwa eneo hilo na jibu ni wati 318 kwa kila mita ya mraba. Huo ndio ukali wa mwanga: nishati inayopita kwenye eneo fulani kwa kila sekunde. Jua la saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, humwaga ardhini takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Kwa kipimo hicho, mkono uliowekwa mbele ya kalamu unapokea, pale penye doa jekundu, chini ya theluthi moja ya ukali wa jua unaopigwa nalo kila siku.

Kwa hiyo hatari ya leza haiko kwenye wati peke yake, wala kwenye ukali wa mwale unapotoka kwenye kalamu. Ili kuiona, lazima kwanza kujua ni nini kinachosafiri ndani ya mwale huo.

Tangu James Clerk Maxwell alipochapisha milinganyo yake mwaka 1865, wanafizikia wamejua kwamba mwanga ni mawimbi ya uga wa umeme na uga wa sumaku yanayokwenda pamoja. Uga wa umeme ni ule unaosukuma elektroni, na hupimwa kwa volti kwa kila mita. Uga wa sumaku hupimwa kwa tesla. Katika mwale unaokwenda mbele, uga wa umeme hutikisika kwa kuvuka njia, tuseme juu na chini, na uga wa sumaku hutikisika kushoto na kulia. Hakuna kati ya hizo mbili inayoelekea mbele. Kinachoelekea mbele ni nishati.

Aliyeonyesha jinsi ya kuufuata mwendo wa nishati hiyo ni John Henry Poynting, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1852 na kufundisha fizikia katika Chuo cha Mason mjini Birmingham. Mwaka 1884 alichapisha kazi iliyodai jambo lililowashangaza wengi: nishati ya umeme husafiri katika nafasi yenye uga wa umeme na uga wa sumaku kwa pamoja, na unaweza kupata kiasi chake na mwelekeo wake mahali popote kwa kuzidisha uga hizo mbili. Oliver Heaviside alifikia jambo hilohilo kwa njia yake karibu wakati uleule. Matokeo yake kwa waya wa kawaida bado yanawatatiza wanafunzi: nishati inayowasha taa haiji kwa kupita ndani ya shaba, bali huja kupitia nafasi inayouzunguka waya. Lakini hiyo ni hadithi nyingine. Kwa leza mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa hakuna waya wowote.

Kanuni yenyewe huandikwa hivi: S = E × B / μ₀. Herufi E ni uga wa umeme, B ni uga wa sumaku, na μ₀ ni namba isiyobadilika inayohusu sumaku katika ombwe. S ndiyo vekta ya Poynting. Alama ya kuzidisha hapa si ya kawaida. Ni kuzidisha kwa vekta, ambako vitu viwili vinavyokatana kwa pembemraba huzaa cha tatu kinachoelekea pembemraba kwa vyote viwili. E ikiwa juu na B ikiwa pembeni, S huelekea mbele, kule kule mwale unakokwenda. Na E ikigeuka kuwa chini, B nayo hugeuka upande wa pili kwa wakati uleule, kwa hiyo S inabaki kuelekea mbele. Hairudi nyuma hata mara moja.

Inachofanya ni kupanda na kushuka. Mwanga mwekundu wa nanomita 650 hutikisika mara trilioni 460 hivi kwa sekunde, na katika kila mtikisiko vekta ya Poynting hufika kileleni mara mbili na kuanguka hadi sifuri mara mbili. Hakuna chombo cha kupimia nguvu kinachoweza kufuata kasi hiyo. Kipimanguvu cha maabara huona wastani tu, na wastani wa mpando na mshuko huo ni nusu kamili ya kilele. Nusu hiyo ni ya kukumbuka, maana wengi huisahau.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza hesabu: ndani ya mwale, uga wa sumaku ni uga wa umeme uliogawanywa kwa mwendo wa mwanga, c, ambao ni mita milioni 300 kwa sekunde. Kwa hiyo B inaweza kuondolewa kwenye kanuni, na ukali wa wastani ukaandikwa kwa kilele cha uga wa umeme peke yake: I = E₀² / (2 μ₀ c). Ukizidisha μ₀ kwa c unapata omu 377. Geuza kanuni, na kilele cha uga wa umeme kinakuwa kipeuo cha pili cha 754 mara ukali. Kwa lugha ya kikokotoo, chukua kipeuo cha pili cha ukali kisha uzidishe kwa 27.5.

Kipeuo cha pili cha 318 ni karibu 17.8. Zidisha kwa 27.5, na kilele cha uga wa umeme ndani ya mwale wa kalamu ya miliwati 1 ni volti 490 kwa kila mita. Gawanya kwa mwendo wa mwanga, na kilele cha uga wa sumaku ni mikrotesla 1.6. Uga wa sumaku wa dunia, unaogeuza sindano ya dira, huwa kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali ulipo. Sumaku ya mwale ni ndogo sana kando yake, na kwa kuwa inageuka mara trilioni mamia kwa sekunde, dira haitaihisi kamwe.

Volti 490 kwa mita zinaonekana nyingi, lakini si kitu cha kutisha. Hewa kavu huvumilia takriban volti milioni 3 kwa mita kabla ya kupasuka na kutoa cheche chini ya umeme wa kawaida usiogeuka. Mwale wa kalamu uko mara elfu sita chini ya hapo.

Hesabu hii ina sehemu mbili za kupima, nguvu na upana, na zote mbili hudanganya.

Tuanze na nguvu. Mwaka 2013 wataalamu wa NIST, taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani, walitoa matokeo ya kupima kalamu za leza 122. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani na asilimia 44 hivi za nyekundu hazikutimiza kanuni za usalama za nchi hiyo. Kalamu nyingi za kijani hutengeneza rangi yake kwa kuubadilisha mwanga wa infraredi usioonekana, na pasipowekwa kichujio kizuri sehemu ya infraredi hiyo hutoka pamoja na kijani bila jicho kujua. Kibandiko, basi, si kipimo. Hata hivyo kanuni ya Poynting inaonyesha jambo la kuvutia hapa: kalamu ikitoa nguvu mara kumi ya ilivyoandikwa, uga wake hauongezeki mara kumi. Unaongezeka kwa kipeuo cha pili cha kumi, yaani mara tatu na kidogo.

Upana ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu mwale wa leza hauna ukingo. Ukiuangalia ukutani unaona duara, lakini mwanga wake ni mwingi katikati na hupungua taratibu kuelekea nje, mfano wa mlima wenye kilele cha mviringo. Jicho huamua ukingo uko wapi kwa kutegemea giza la chumba. Mtu akikosea upana mara mbili, ukali unakosewa mara nne na uga mara mbili. Na kosa la kutumia kipenyo badala ya nusukipenyo, ambalo kila mwalimu wa fizikia amelikuta kwenye daftari za mitihani, ni hilohilo.

Maabara hulitatua kwa wembe. Wembe wa kawaida hufungwa kwenye kiti kinachosogezwa kwa skrubu ya mikromita, mbele ya kipimanguvu. Mwanzoni wembe hauugusi mwale, na kipimanguvu kinasoma miliwati 1. Kisha unasogezwa polepole kuukata mwale kutoka upande mmoja. Tuseme skrubu ikiwa kwenye milimita 3.10 kipimo kimeshuka hadi miliwati 0.84, na ikifika milimita 4.10 kimebaki 0.16. Umbali kati ya alama hizo mbili, asilimia 84 na asilimia 16, ndio unaochukuliwa kuwa nusukipenyo cha mwale wenye umbo la mlima. Hapa ni milimita 1. Kwa kalamu za diodi kazi hurudiwa wembe ukiwa wima na ukiwa umelala, maana mwale wao mara nyingi umerefuka upande mmoja kama yai, na eneo lake hupatikana kwa kuzidisha nusukipenyo mbili tofauti.

Mlima huo unabadilisha jibu. Hesabu ya kwanza iligawa nguvu sawasawa kwenye duara lote. Katika mwale wa kweli wenye nusukipenyo hicho cha wembe, ukali wa katikati kabisa ni mara mbili ya wastani huo: wati 637 kwa mita ya mraba, wala si 318. Uga wa katikati unapanda kwa kipeuo cha pili cha mbili, kutoka volti 490 hadi karibu 690 kwa mita. Anayetoa namba moja ya uga wa leza bila kusema ni ya katikati au ya wastani hajamaliza kazi yake.

Upana huo pia haukai vilevile njiani. Kalamu nyingi zina mwale unaotanuka kama milimita 1 kwa kila mita ya safari. Ulioanza na milimita 2 utakuwa na 12 baada ya mita kumi. Kipenyo kimekua mara sita, ukali umepungua mara 36 hadi wati 9 hivi kwa mita ya mraba, na uga umeshuka hadi volti 82.

Sasa jicho. Lenzi ya jicho hukusanya mwanga na kuuweka kwenye retina. Miale ya leza hufika ikiwa sambamba, kama imetoka kwenye nukta iliyo mbali kupita kiasi, kwa hiyo jicho linaweza kuibana kuwa doa la takriban mikromita 20. Kipenyo kutoka milimita 2 hadi mikromita 20 kimepungua mara mia. Ukali umeongezeka mara mia kwa mia, yaani elfu kumi, na kufika wati milioni 3.2 kwa kila mita ya mraba. Uga wa umeme umeongezeka mara mia tu, kutoka 490 hadi kama volti 49,000 kwa mita. Kwa kuwa ndani ya jicho mwanga unasafiri kwenye majimaji na si hewani, hesabu kamili hushusha namba hiyo hadi kama volti 42,000, huku uga wa sumaku ukipanda kidogo.

Na jua? Jua si nukta. Kutoka duniani linaonekana kama kisahani chenye upana wa nusu nyuzi, na picha yake kwenye retina haiwezi kuwa ndogo kuliko milimita 0.16 hivi, hata jicho liwe zuri kiasi gani. Mboni iliyojibana hadi milimita 2 huingiza miliwati 3 za jua, mara tatu ya kalamu. Lakini miliwati hizo husambaa kwenye picha kubwa, na ukali wake ni wati 160,000 kwa mita ya mraba, sehemu moja tu kati ya 20 ya ule wa leza. Hapo ndipo siri ya kibandiko ilipo: kalamu inashindwa na jua nje ya jicho, na inalishinda ndani yake. Balbu ya wati 9 haimo kabisa katika mashindano haya, kwa kuwa humwaga mwanga kila upande na picha yake kwenye retina ni kubwa. Daraja la 2 la leza, lenye kikomo cha miliwati 1, limewekwa kwa kutegemea kwamba mtu hupepesa jicho au kugeuza uso ndani ya robo sekunde. Anayejikaza kutazama anaiondoa kinga hiyo mwenyewe.

Kuna mahali ambapo kanuni hii huhitaji kutumiwa kwa uangalifu. Weka kioo mbele ya mwale ili urudi ulikotoka. Sasa nishati inakwenda mbele na nyuma kwa kiasi kilekile, na wastani wa vekta ya Poynting ni sifuri. Mtu akiingiza sifuri kwenye kanuni atapata kwamba hakuna uga. Kumbe uga upo, na katika baadhi ya sehemu kati ya kalamu na kioo ni mara mbili ya ule wa awali, karibu volti 980 kwa mita, huku katika sehemu nyingine ukiwa sifuri. Kanuni ya kutoka ukali kwenda uga inafaa kwa mwale unaokwenda upande mmoja. Ndani ya leza yenyewe, ambamo mwanga unadunda kati ya vioo viwili, kila upande huhesabiwa peke yake kwanza, kisha uga hujumlishwa.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, linahusu muda. Leza nyingi za viwandani, maabara na vyumba vya upasuaji hazitoi mwanga mfululizo. Hutoa mipigo. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, Donna Strickland na Gérard Mourou walichapisha mbinu ya kuurefusha mpigo mfupi, kuukuza ukiwa mrefu na hafifu, kisha kuubana tena, ili usiharibu vioo vinavyoukuza. Mbinu hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2018, pamoja na Arthur Ashkin aliyetuzwa kwa kazi nyingine.

Chukua leza ya aina hiyo inayotoa mipigo elfu moja kwa sekunde, kila mmoja ukiwa na nishati ya milijuli 1 na ukidumu femtosekunde 30. Kipimanguvu kitasoma wati 1, kwa kuwa milijuli elfu moja kwa sekunde ni juli moja kwa sekunde. Ibane kwenye doa la mikromita 20, sawa na lile la jichoni. Anayetumia wati 1 ya wastani atapata ukali wa wati bilioni 3.2 kwa mita ya mraba na uga wa volti milioni 1.5 kwa mita. Hiyo ni nusu ya kinachohitajika kupasua hewa, na ataandika kwenye ripoti yake kwamba hakuna cheche itakayoonekana.

Lakini mbele ya lenzi kuna cheche, na inasikika ikitatarika. Gawanya milijuli 1 kwa femtosekunde 30: wakati mpigo unapopita, nguvu ni wati bilioni 33. Ukali ni namba 1 ikifuatiwa na sifuri 20, wati kwa mita ya mraba. Kipeuo cha pili chake kikizidishwa kwa 27.5 ni volti bilioni 280 kwa kila mita, zaidi ya nusu ya uga ambao kiini cha haidrojeni hushikilia nao elektroni yake, bilioni 514. Hewa haiwezi kubaki nzima katika uga kama huo, na elektroni hung'oka kwenye atomu zake hata kabla mpigo haujafika kileleni. Kutoka jibu la kwanza hadi la pili, uga umekosewa zaidi ya mara laki moja na themanini elfu, na chombo cha kupimia hakikuwa na kasoro yoyote.

Kwa hiyo anayeagiza miwani ya kinga au kioo cha kuwekwa mbele ya leza ya mipigo asimpe muuzaji wati za wastani pekee. Ataje pia urefu wa wimbi, nishati ya mpigo mmoja, muda wake na upana wa mwale, na kama muuzaji haulizi habari hizo, atafute mwingine.